Sentensi moja ya ripoti, alama nne za kalamu nyekundu: naomba tuichambue pamoja

Mwandishi wa Ripoti

Wanajukwaa, salamu kwenu. Kazi yangu ni kuandika ripoti za vikao na taarifa za utekelezaji. Juzi rasimu yangu ilirudishwa na mhakiki ikiwa na sentensi moja ambayo maneno yake matatu yamezungushiwa kalamu nyekundu, na neno la nne limewekewa alama ya kuuliza, bila maelezo yoyote. Sentensi yenyewe ni hii:

"Utekelezaji wa mapendekezo ya kamati ya ukaguzi ambayo iliyawasilisha kwenye kikao cha bodi ambayo kilifanyika mwezi Machi na ambayo wajumbe walikubaliana yafanyiwe kazi kabla ya mwisho wa mwaka zimechelewa kutokana na nyaraka ambao zilizohitajika hazikupatikana kwa wakati."

Maneno yaliyozungushiwa ni "ambayo" ya pili, "zimechelewa" na "ambao". Alama ya kuuliza imewekwa juu ya "ambayo" ya kwanza. Ile ya tatu haikuguswa, jambo ambalo limenichanganya zaidi. Kiswahili ndiyo lugha niliyokulia, na nikizungumza sikosei mambo haya. Nikiandika sentensi ndefu ndipo ninapoteleza. Naomba msiniambie tu niandike sentensi fupi, kwa maana muundo wa ripoti zetu unataka kila hoja ikae katika sentensi moja. Nataka kujua kila kosa limetoka wapi na nitalionaje kabla rasimu haijatoka mikononi mwangu.

Mkato

Ndugu Mwandishi, tatizo lako lina jina moja, nalo ni "amba". Watu wanaoandika rasmi huipenda kwa sababu inasikika nzito, lakini ndiyo inayowapoteza, kwani inasimama peke yake mbali na kitenzi na mwandishi anasahau inarejelea nini. Mimi nilijiwekea sheria ya kuifuta kila ninapoiona na kuingiza kirejeshi ndani ya kitenzi. Kirejeshi kikiwa ndani ya kitenzi, ngeli inajilinda yenyewe. Tazama sentensi yako baada ya kufuta:

"Utekelezaji wa mapendekezo ya kamati ya ukaguzi iliyoyawasilisha kwenye kikao cha bodi kilichofanyika mwezi Machi na waliyokubaliana wajumbe yafanyiwe kazi kabla ya mwisho wa mwaka umechelewa kutokana na nyaraka zilizohitajika kutopatikana kwa wakati."

Imekuwa fupi na haina kosa hata moja.

Msarifu Mpya

Samahani kwa kuingilia. Nina mtihani hivi karibuni na ningependa kufahamu ngeli ziko ngapi, kwa sababu mwalimu mmoja anataja M-WA na mwingine anataja A-WA, na nikijibu kwa namna moja ninakatwa alama upande wa pili. Je, katika sentensi hiyo ngeli ni ngapi?

Kalamu ya Zamani

Nimehariri maandishi ya watu wengine kwa miaka mingi, na sentensi ya ndugu Mwandishi naifahamu kama jirani wa zamani. Nianze na kijana wa mtihani, kwa kuwa swali lake, ingawa si lililoulizwa, lina faida hapa. M-WA inatazama umbo la nomino yenyewe. A-WA inatazama kile ambacho nomino inakifanyia kitenzi. Katika mtihani mjibu mwalimu wako kwa namna aliyokufundisha. Katika kuandika, namna ya pili ndiyo inayookoa, kwa sababu umbo la nomino hudanganya. "Waraka" linaanza kwa "wa" lakini si watu: waraka umetolewa, nyaraka zimetolewa. "Maktaba" na "mashine" yanaanza kwa "ma", lakini maktaba imefungwa na mashine imeharibika. "Kiongozi" amefika, hakikufika. Ukiwa na shaka fungua kamusi inayoonyesha viambishi vya kitenzi kando ya nomino, wala usikisie kwa herufi za mwanzo.

Sasa nirudi kwenye sentensi. Ndugu Mkato amesahihisha makosa matatu kwa haki kabisa. Kitenzi kikuu ni "umechelewa", kwa sababu kilichochelewa ni utekelezaji. Kikao ni "kilichofanyika". Nyaraka ni "zilizohitajika", na hapo palikuwa na makosa mawili ndani ya neno moja: "ambao" ni ya waraka mmoja na si ya nyaraka, na hata kama ingekuwa "ambazo", isingeweza kusimama pamoja na "zilizohitajika", kwa kuwa nomino moja haivai virejeshi viwili kwa kazi ileile. Ama "ambazo zilihitajika", ama "zilizohitajika".

Lakini lile neno lenye alama ya kuuliza, ndugu Mkato hakulitibu, amelificha. Tulitazame kwa karibu: "iliyoyawasilisha". Kiambishi cha kwanza, "i", ni kamati. Kiambishi "ya" kilicho kabla ya "wasilisha" ni mapendekezo. Sasa niambieni, "yo" iliyo katikati ni ya nani?

Mkato

Ni ya mapendekezo, bila shaka. Mapendekezo ambayo kamati iliyawasilisha.

Bi Mswada

Mimi ni mfasiri, na nimeisoma kuwa ya kamati: kamati ambayo iliyawasilisha mapendekezo. Kwa hiyo shaka ipo, Mkato.

Kalamu ya Zamani

Nyote wawili mko sahihi, na hilo ndilo lililomfanya mhakiki aweke alama ya kuuliza badala ya kuzungushia. Hakuona kosa la upatanisho. Aliona maana mbili. Nomino ya I-ZI katika umoja huchukua "yo", na nomino ya LI-YA katika wingi nayo huchukua "yo". Kamati moja na mapendekezo mengi wanavaa nguo ya rangi moja.

Jaribuni kuiondoa kamati na kuweka jopo mahali pake. Kama tunalisifu jopo, tutaandika "jopo la ukaguzi lililoyawasilisha". Kama tunayasifu mapendekezo, tutaandika "mapendekezo liliyoyawasilisha jopo la ukaguzi". Mnaona? "Lililo" na "liliyo". Mara moja maana mbili zimeachana, tena hata mpangilio wa maneno umebadilika, kwa sababu kirejeshi kikiwa ndani ya kitenzi, mtendaji hukaa baada ya kitenzi. Hatusemi "mapendekezo jopo liliyoyawasilisha". Tukitaka mtendaji atangulie, hapo ndipo "amba" inapohitajika: "mapendekezo ambayo jopo liliyawasilisha".

Kuna jambo la pili katika toleo la ndugu Mkato, nalo ni lile "na" kabla ya "waliyokubaliana". "Na" ya namna hiyo huunganisha virejeshi viwili vya nomino moja. Msomaji aliyekwisha kuisoma "iliyoyawasilisha" kama sifa ya kamati anafika kwenye "na" akitarajia sifa ya pili ya kamati hiyohiyo, na badala yake anakabidhiwa kirejeshi cha mapendekezo. Hakuna ngeli iliyokosewa hapo, lakini sentensi imekatika kiuno.

Mkato

Nakubali kuhusu "yo". Hata hivyo sioni sababu ya kuirudisha "amba". Kama kamati inaleta utata, tugeuze kitenzi kuwa cha kutendwa: "mapendekezo yaliyowasilishwa na kamati". Bado hakuna "amba".

Kalamu ya Zamani

Hilo ni pendekezo zuri, na ndilo ningelichagua mimi mwenyewe. Kutendwa kunamtoa mtendaji katika nafasi ya kupigania kirejeshi. Lakini sheria yako ya kuifuta "amba" kila mahali itakukwamisha mahali kadhaa. Jaribu kuingiza kirejeshi katika "zimepotea". Hakuna mwandishi atakayekubali "zimezopotea". Mara nyingi "zilizopotea" inatosha, kwa sababu hubeba zote mbili, zilipotea na zimepotea; lakini pale ambapo ripoti inataka kutofautisha kilichotokea wakati ule na hali iliyopo hadi leo, huna budi kuandika "ambazo zimepotea". Vivyo hivyo katika kukanusha. "Nyaraka zisizopatikana" haisemi ni lini. Inaweza kuwa ni nyaraka ambazo huwa hazipatikani kabisa. "Nyaraka ambazo hazikupatikana" inasema kwamba zilitafutwa wakati fulani na hazikuonekana. Kwa mwandishi wa ripoti, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo hoja yenyewe.

Nitawapa kisa cha utata wa mtendaji na mtendwa, kwa sababu hiki kilinigharimu. Miaka mingi iliyopita nilipitisha muhtasari wa kikao uliokuwa na maneno haya: "Mjumbe aliyemteua mwenyekiti ataongoza kikao kijacho." Niliyasoma nikaona upatanisho uko sawasawa, nikasaini. Kumbe wasomaji waligawanyika pande mbili. Wengine walielewa kwamba kuna mjumbe ambaye mwenyekiti amemteua, naye ndiye atakayeongoza; wengine walielewa kwamba ataongoza mjumbe yule aliyependekeza jina la mwenyekiti. Kiambishi "a", kirejeshi "ye" na kiambishi "m" vyote ni vya A-WA umoja, kwa hiyo hakuna herufi hata moja inayoamua. Kikao kijacho walifika waongozaji wawili. Kutendwa kungetuokoa: "mjumbe aliyeteuliwa na mwenyekiti". "Amba" nayo ingetuokoa: "mjumbe ambaye mwenyekiti alimteua", kwa sababu baada ya "ambaye" mtendaji anaweza kutangulia kitenzi na akajulikana kwa nafasi yake.

Karani wa Vikao

Mzee Kalamu, shikamoo. Kisa chako kimenigusa kwa sababu mimi nami ni karani. Tatizo langu ni tofauti kidogo. Niliandika: "Mkataba na barua iliyosainiwa viambatishwe." Mkuu wangu akauliza kama mkataba nao ulisainiwa au ni barua peke yake. Nikaandika upya "mkataba na barua uliosainiwa", akasema sasa barua imekosewa. Nikaweka "zilizosainiwa", akasema mkataba hauna "zi". Je, nomino mbili za ngeli tofauti hubebwa na kirejeshi gani?

Bi Mswada

Ndugu Karani, mimi hutumia "vi": "mkataba na barua vilivyosainiwa". Wewe mwenyewe umeandika "viambatishwe" bila kujishtukia, kwa hiyo sikio lako limekwisha kukubali kwamba vitu mchanganyiko huenda na "vi". Kirejeshi kifuate kitenzi.

Mkato

Mimi nilifundishwa kwamba upatanisho hufuata nomino iliyo karibu zaidi na kitenzi. Kwa hiyo "mkataba na barua iliyosainiwa" ni sahihi kwa zote mbili.

Kalamu ya Zamani

Marahaba, ndugu Karani. Njia zote mbili zinaandikwa, na nimeziona kwa waandishi ninaowaheshimu. Kufuata nomino ya karibu hupita vizuri katika kitenzi kikuu, kwa sababu pale hakuna anayedhani kwamba nomino ya kwanza imeachwa nje. Katika kirejeshi haifai, kwa sababu kazi ya kirejeshi ni kuchagua, na msomaji ana haki ya kuuliza kimechagua kipi. Bi Mswada ana hoja, ila "vi" hunikwaza pale nomino moja inapokuwa ya mtu: "mkurugenzi na barua vilivyofika" siwezi kuiandika hata kwa kulazimishwa. Mimi kwa kesi yako ningerudia: "mkataba uliosainiwa na barua iliyosainiwa".

Bi Mswada

Kurudia nako kuna mtego, Mzee wangu. "Mkataba uliosainiwa na barua" mtu akiisoma kwa haraka atadhani barua ndiyo iliyosaini. "Na" ya kutendwa na "na" ya kuunganisha ni neno lilelile.

Kalamu ya Zamani

Umenikamata. Basi "mkataba uliosainiwa pamoja na barua iliyosainiwa", ingawa "pamoja na" nayo si safi. Hili tuliache wazi, kwa kuwa sijaona jibu ambalo halina mwiba.

Mwandishi wa Ripoti

Nashukuru wote. Naomba nirudi kwenye "zimechelewa", kwa sababu hilo ndilo kosa linaloniumiza. Nimehesabu: kati ya "utekelezaji" na kitenzi chake kuna maneno 27. Ningeelewa kama ningeandika "yamechelewa", kwa kuvutwa na mapendekezo, au "kimechelewa", kwa kuvutwa na kikao. Lakini kabla ya kitenzi hakuna nomino yoyote ya "zi". "Zi" hii imetoka wapi?

Mkato

Imetoka mbele. Ulikuwa umeanza kuziwaza nyaraka.

Kalamu ya Zamani

Inawezekana, nami nimewahi kuona mkono ukikimbilia nomino ambayo bado haijaandikwa. Lakini kabla ya kuhukumu, ndugu Mwandishi, hebu fungua rasimu yako ya kwanza. Je, sentensi ilianza kwa neno "utekelezaji" tangu mwanzo?

Mwandishi wa Ripoti

Mzee Kalamu, nimeitafuta rasimu ya kwanza na nimeipata. Ilianza hivi: "Hatua za utekelezaji wa mapendekezo ya kamati ya ukaguzi". Siku ya pili niliona "hatua za" haziongezi kitu, nikazifuta. Kitenzi kilikuwa mstari wa tatu, sikukigusa.

Kalamu ya Zamani

Ndicho nilichokishuku. Kosa hili la upatanisho halitokani na kutojua; ni mabaki. Mwandishi anafuta kichwa cha kiima au anakibadilisha, na kitenzi kilicho mbali kinabaki kikimtii bwana aliyekwisha kuondoka. Katika miswada niliyoshika, makosa mengi ya watu wanaokijua Kiswahili vizuri yalikuwa ya aina hii. Huwezi kuyakamata kwa kusoma upya kutoka mwanzo, kwa sababu ukisoma unajaza akilini kile ulichokusudia. Dawa yake ni kwamba ukigusa nomino inayotangulia, ukitafute kitenzi chake papo hapo kabla hujahamia kwingine. Na mwishoni soma kiima na kitenzi peke yake, ukiruka yote yaliyo katikati. "Utekelezaji zimechelewa": sikio litakataa kabla jicho halijamaliza.

Kwa virejeshi kuna jaribio lingine ambalo tumekwisha kulionja tulipoleta jopo. Chukua nomino unayodhani ndiyo inayorejelewa, uigeuze idadi yake. Hapa geuza "mapendekezo" kuwa "pendekezo", kisha uone ni maneno gani yanalazimika kugeuka nayo. "Ambayo" ya tatu itakuwa "ambalo", na "yafanyiwe" itakuwa "lifanyiwe". Hayo ni mali ya pendekezo. "Kilifanyika" haitageuka, kwa kuwa ni mali ya kikao. Ukifika kwenye "ambayo" ya kwanza utasita, hujui uigeuze au uiache, na kusita huko ndiko kunakokuambia kwamba msomaji naye atasita.

Mwandishi wa Ripoti

Hapo sasa nimeelewa kwa nini mhakiki hakuigusa "ambayo" ya tatu. Inafuatwa na "yafanyiwe", na "ya" hiyo haiwezi kuwa ya bodi wala ya kikao wala ya kamati.

Kalamu ya Zamani

Naam. "Ambayo" yenyewe haijui ni ya nani mpaka kitenzi kilichofuata kiseme. Ukiandika "taarifa ya matumizi ambayo iliwasilishwa", "i" inasema ni taarifa. Ukiandika "ambayo yaliwasilishwa", "ya" inasema ni matumizi. Mwandishi akiyajua hayo, hana haja ya kuiogopa "amba". Anachohitaji ni kuhakikisha kwamba kiambishi cha kwanza cha kitenzi kinachofuata kinafanya uamuzi, na kinaufanya mapema.

Bi Mswada

Naongezea jambo dogo kuhusu "kutokana na", ambalo mhakiki hakulizungushia ingawa angeweza. Baada ya "kutokana na" hukaa nomino au kitenzi-jina. "Kutokana na nyaraka hazikupatikana" ni viungo viwili vilivyogongana. Ama "kutokana na kutopatikana kwa nyaraka", ama "kwa sababu nyaraka hazikupatikana". Mimi ningechukua "kwa sababu", kwa maana inakuruhusu kubaki na kitenzi chenye wakati na ngeli yake, na msomaji anapumzika kidogo.

Mwandishi wa Ripoti

Basi nimeandika upya, na bado ni sentensi moja:

"Utekelezaji wa mapendekezo yaliyowasilishwa na kamati ya ukaguzi kwenye kikao cha bodi cha mwezi Machi, ambayo wajumbe walikubaliana yafanyiwe kazi kabla ya mwisho wa mwaka, umechelewa kwa sababu nyaraka zilizohitajika hazikupatikana kwa wakati."

Kirejeshi cha "kikao" nimekiondoa kabisa, kwa kuwa "cha mwezi Machi" inatosha. Umbali kati ya kiima na kitenzi umepungua kidogo tu, kutoka maneno 27 hadi 24, lakini alama mbili za mkato zinaonyesha mahali pa kuruka.

Mkato

Hapo nimebaki na "amba" moja, naikubali kwa shingo upande. Ningeweza kuandika "waliyokubaliana wajumbe yafanyiwe kazi", lakini nikiisoma kwa sauti naona inajikwaa.

Karani wa Vikao

Mimi ningeiogopa hata hiyo. Mtu akifika "bodi cha mwezi Machi, ambayo wajumbe" atadhani kwanza kwamba ni bodi yenye wajumbe.

Kalamu ya Zamani

Atadhani hivyo kwa maneno mawili, kisha "yafanyiwe" itamrudisha. Kama hilo linamsumbua ndugu Mwandishi, ageuze mpangilio wa sentensi: "Utekelezaji wa mapendekezo ambayo wajumbe wa bodi walikubaliana yafanyiwe kazi kabla ya mwisho wa mwaka". Hapo kirejeshi kinagusana na nomino yake na hakuna bodi inayoingia kati. Atakachopoteza ni mfuatano wa matukio, kwa kuwa kuwasilisha kulitangulia kukubaliana, na kamati itabidi itafutiwe nafasi kwingine. Mimi nisingeibadilisha.

Mwandishi wa Ripoti

Nimelitumia jaribio la kugeuza idadi katika ukurasa mzima wenye sentensi hiyo. Nilitafuta herufi "amba" kwenye kompyuta na kuisimamisha kila moja nikiiuliza ni ya nani. Moja imenishinda: "Mkakati wa uokoaji ambao ulicheleweshwa na ukosefu wa mafuta." Nilichokusudia kusema ni kwamba mkakati ndio uliocheleweshwa. Nikigeuza kuwa "mikakati", napata "ambayo ilicheleweshwa", kwa hiyo mimi najua ninachosema. Lakini msomaji anaona "mkakati" na "uokoaji", vyote vina "u", vyote vina "ambao", na kitenzi kina "u" pia. Kutendwa tayari kumo. Sasa nifanye nini?

Kalamu ya Zamani

Hapo umefika ukingoni mwa jaribio. Linamwonyesha mwandishi, halimwonyeshi msomaji. Ngeli zikilingana, upatanisho hauna tena cha kukusaidia, na inabaki nafasi ya maneno. Lete kirejeshi karibu na kichwa chake: "mkakati uliocheleweshwa wa uokoaji".

Bi Mswada

Samahani, Mzee Kalamu, mimi siwezi kuipitisha hiyo. "Mkakati wa uokoaji" ni kitu kimoja, na kukipasua katikati kwa kirejeshi kunasikika kama mtu aliyekatizwa maneno. Tena ule "ukosefu wa mafuta" utaukalisha wapi? "Mkakati uliocheleweshwa na ukosefu wa mafuta wa uokoaji"? Hapo mafuta yamekuwa ya uokoaji.

Kalamu ya Zamani

Ukiwa na "ukosefu wa mafuta" haipiti, hilo nakubali. Bila hayo, mimi naipitisha.

Mkato

Mbona asibadilishe nomino? "Mpango" utakuwa na "u" vilevile, lakini "mipango ya uokoaji iliyocheleweshwa" inakata mzizi wa fitina.

Mwandishi wa Ripoti

Mkakati ulikuwa mmoja, ndugu Mkato. Siwezi kuuongeza idadi ili kuiridhisha sarufi, maana hii ni ripoti ya ukaguzi na watauliza wa pili uko wapi. Nimeandika: "Ukosefu wa mafuta ulichelewesha mkakati wa uokoaji." Kirejeshi kimetoka, na sentensi iliyofuata nimelazimika kuianza upya.